Kuchambua mkataba wa uchakataji wa data: usome wote, uanzie viambatisho, au utafute kwa maneno?

Mkataba wa uchakataji wa data unapofika mezani kwa afisa wa ulinzi wa data, anataka kujua mambo matatu: data itatumika kwa madhumuni gani, itafika kwa nani, na mchakataji, yaani kampuni inayoishughulikia data kwa niaba ya mwingine, amejifunga kuilinda vipi. Majibu hayo ndiyo yanayoingia kwenye rejista ya uchakataji, na ndiyo atakayoyahitaji siku mwenye data atakapopiga simu kuuliza namba yake ilifikaje kwa watu asiowajua. Shida ni kwamba mkataba haukupangwa kwa kufuata maswali hayo. Aliyeuandika alikuwa akiwaza malipo, dhamana na nani atabeba hasara, kwa hiyo jibu la swali moja hukaa vipande vipande: kipande kwenye tafsiri ya maneno, kingine katikati, kingine kwenye kiambatisho, na pengine kingine kwenye mkataba mwingine kabisa.

Njia za kuyatoa majibu ni tatu. Ya kwanza ni kusoma mkataba wote tangu mwanzo huku ukijaza jedwali. Ya pili ni kuanzia viambatisho na kurudi nyuma kwenye vifungu. Ya tatu ni kuugeuza mkataba kuwa maandishi ya kompyuta na kutafuta kwa maneno. Hapa tunazipima zote tatu kwa mkataba mmoja wa mfano, chini ya sheria ya Kenya, yaani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Msomaji wa Tanzania atambue kwamba anayeitwa hapa mdhibiti, yaani mwenye kuamua data itumikeje, sheria ya kwao ya 2022 humwita mkusanyaji. Mchakataji ni mchakataji pande zote mbili.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza ni kutokosa kitu: je, njia hii inakamata jambo lililowekwa mahali usipolitarajia? Cha pili ni muda. Cha tatu ni ushahidi: ukiulizwa na mkaguzi au na Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data, utaweza kuonyesha kifungu na ukurasa ulikotoa jibu? Cha nne ni ugumu wa kurudia kazi mkataba ukibadilika, kwa sababu mikataba hii hubadilika, hasa orodha ya wapokeaji.

Njia zote tatu zinajaza jedwali lile lile, nalo halihitaji zaidi ya safu tano: swali, maneno ya mkataba kama yalivyo, kifungu na ukurasa, nani anadaiwa, na pengo. Safu ya pengo ndiyo inayoharibiwa mara nyingi. Watu huiacha tupu, na miezi sita baadaye hakuna anayekumbuka kama utupu ule ulimaanisha “mkataba uko kimya” au “hatukutazama”. Andika moja ya maneno hayo mawili, kila mara.

Mkataba wa mfano

Chama cha akiba na mikopo kinaikodi kampuni iendeshe mfumo wa wanachama na kutuma ujumbe wa simu. Kuna Mkataba Mkuu wa kurasa 31 na mkataba wa uchakataji wa kurasa 14 wenye viambatisho vitatu. Kama ilivyo kawaida, yote imeandikwa kwa Kiingereza. Hapa vifungu vinavyotuhusu vimewekwa kwa Kiswahili.

Kifungu cha 1 kinasema “Mchakataji” maana yake ni Kampuni na Washirika wake. Kifungu cha 3.1 kinasema data itachakatwa kwa ajili ya kutoa Huduma, kwa maelekezo ya Mdhibiti. Kifungu cha 3.4 kinairuhusu Kampuni kutumia data iliyoondolewa utambulisho kuboresha bidhaa zake. Kifungu cha 6.1 kinatoa idhini ya jumla kwa wachakataji wadogo, yaani kampuni ambazo mchakataji naye amezikabidhi sehemu ya kazi, waliotajwa katika Kiambatisho C “kama kitakavyosasishwa kwenye tovuti”. Chama kina siku 14 za kupinga tangu sasisho liwekwe huko. Kifungu cha 9.2 kinaahidi taarifa ya uvujaji wa data ndani ya saa 72 tangu Kampuni ithibitishe tukio.

Kiambatisho A kinaorodhesha data: jina, namba ya kitambulisho, simu, salio la akiba na mikopo, na majina ya warithi pamoja na uhusiano wao na mwanachama. Kiambatisho B kina mistari mitano ya usalama. Kiambatisho C kina wachakataji wadogo watatu: mwenye seva zilizoko Ayalandi, kampuni ya ujumbe mfupi ya Nairobi, na dawati la msaada lililoko India.

Na mbali kabisa, katika kifungu cha 17.3 cha Mkataba Mkuu, Kampuni imejipa ruhusa ya kupeleka taarifa za mikopo kwa taasisi za marejeo ya mikopo.

Kwa hiyo jibu kamili, ambalo njia zetu zitapimwa nalo, ni madhumuni matatu (huduma, kuboresha bidhaa, marejeo ya mikopo) na makundi matatu ya wapokeaji (wachakataji wadogo, Washirika, taasisi za marejeo), juu yake wajibu wa usalama uliogawanyika kati ya Kiambatisho B na kifungu cha 9.

Njia ya kwanza: kusoma mkataba wote

*Inavyofanyika.* Usianze ukurasa wa kwanza na kuteremka tu. Soma kwanza tafsiri ya maneno, na uiweke kando kwenye karatasi tofauti. Kila utakapokutana na neno lenye herufi kubwa, libadilishe kichwani kwa maana yake kamili. Kifungu cha 3.1 kinachosema “Mchakataji atachakata” kinaonekana salama kabisa mpaka usome “Kampuni na Washirika wake wote watachakata”. Hapo ndipo unapogundua kwamba kampuni dada, pengine zilizoko nchi ambazo hazikutajwa popote, zimeingia kwa mlango wa tafsiri bila kupita kwenye orodha ya wachakataji wadogo. Kwenye jedwali, “Washirika” wanaandikwa kama wapokeaji, na kwenye safu ya pengo: “majina na nchi havikutajwa”.

*Madhumuni.* Njia hii inayapata yote matatu, mradi usome na Mkataba Mkuu. Faida yake kubwa zaidi ni kukulazimisha kukaa na kifungu kama 3.4 badala ya kukipita. Kuboresha bidhaa si kazi ya chama. Ni kazi ya Kampuni kwa faida yake yenyewe. Sheria ya Kenya, katika kifungu cha 42, inasema mchakataji anayechakata nje ya maelekezo ya mdhibiti atahesabiwa kuwa mdhibiti kwa uchakataji huo. Kwa hiyo ni lazima ujiulize kama chama kwa kusaini 3.4 kimetoa maelekezo, au kimeruhusu tu mtu mwingine ajitumikie. Halafu lile neno “iliyoondolewa utambulisho” lisikutulize haraka. Anayeondoa utambulisho ni Kampuni yenyewe, na ili auondoe lazima kwanza aishike data ikiwa na majina. Kitendo hicho ni uchakataji, na madhumuni yake ni ya Kampuni. Kwenye safu ya “nani anadaiwa” usiandike mchakataji bila kuliuliza swali hilo.

*Wapokeaji.* Inawapata wote, pamoja na wale wa kifungu cha 17.3.

*Usalama.* Hapa kusoma taratibu kunalipa kuliko mahali pengine popote. Wajibu wa usalama hauhesabiki mpaka uweze kuuvunja katika vipande vinne: nani, atafanya nini, kwa kiwango gani, na lini. “Kampuni itachukua hatua zinazofaa” ina nani na ina tendo. Haina kiwango wala wakati. Inaandikwa kwenye jedwali, lakini pengo lake nalo linaandikwa. Tenganisha pia lazima na hiari: kitenzi cha kulazimisha ni wajibu, kitenzi cha kuruhusu ni haki ya Kampuni, na “itajitahidi kadiri inavyowezekana kibiashara” ni ahadi inayoweza kupingwa na mhasibu.

Chukua kifungu cha 9.2. Kwa haraka, saa 72 inaonekana sawa, kwa sababu namba hiyo imo kwenye sheria. Lakini saa 72 za kifungu cha 43 ni za mdhibiti kumwarifu Kamishna. Mchakataji kumwarifu mdhibiti ni bila kuchelewa, na inapowezekana ndani ya saa 48, tena tangu alipofahamu, si tangu alipothibitisha. Piga hesabu. Ijumaa saa 4 asubuhi wahandisi wanajua kwamba data imepakuliwa na mtu asiyehusika, lakini ripoti ya kuthibitisha inasainiwa Jumatatu saa 4 asubuhi. Kwa mkataba huu, chama kinaweza kuarifiwa Alhamisi saa 4 asubuhi bila Kampuni kuvunja ahadi yoyote. Kwa sheria, inapowezekana, kingearifiwa Jumapili saa 4 asubuhi. Na saa 72 za chama zikianza kuhesabiwa Alhamisi, Kamishna anaweza kupata habari Jumapili ya pili, siku tisa baada ya wahandisi kujua. Tofauti yote hiyo imebebwa na namba moja na kitenzi kimoja. Jedwali lenye safu ya “saa ngapi” peke yake litaandika 72 na kuendelea mbele. Ongeza “tangu lini”.

*Muda na ushahidi.* Kurasa 45 za aina hii zinachukua saa nne au tano za kazi ya makini, na ni bora zigawanywe vikao viwili, maana viambatisho huangukia mwishoni wakati macho yamechoka. Ushahidi wake ni mzuri kuliko wa njia nyingine, kwa sababu kila mstari wa jedwali umetoka kwenye kifungu ulichokisoma ndani ya muktadha wake. Mkataba ukibadilika, hata hivyo, njia hii haina njia ya mkato.

*Inamfaa nani.* Anayeshughulikia mikataba michache yenye data nyeti, na hasa kabla ya kusaini, wakati bado kuna nafasi ya kubadilisha kitenzi.

Njia ya pili: kuanzia viambatisho

*Inavyofanyika.* Unafungua nyuma kwanza. Unanakili kwenye jedwali aina za data, wahusika, yaani watu ambao data ni yao, madhumuni, wapokeaji na hatua za usalama kama zilivyoorodheshwa. Kisha kwa kila mstari unatafuta kifungu cha mbele kinachoutia nguvu. Ahadi iliyo kwenye kiambatisho ambacho hakuna kifungu kinachokitaja kuwa sehemu ya mkataba ina nguvu ya kubishaniwa, na unahitaji kujua hilo mapema.

*Madhumuni.* Udhaifu wake uko hapa. Kiambatisho A cha mfano wetu kinasema “kutoa Huduma” na kuishia hapo. Vifungu 3.4 na 17.3 havijatajwa, na anayesoma kiambatisho peke yake ataandika dhumuni moja badala ya matatu.

Lakini viambatisho vina kitu ambacho vifungu havina: vinakuonyesha data yenyewe, uchi. Tazama tena Kiambatisho A. Kwenye mstari wa wahusika pameandikwa “wanachama”. Kwenye mstari wa data pana majina ya warithi. Mke, mume na watoto wa mwanachama si wanachama, kwa hiyo kuna kundi zima la wahusika ambalo mkataba haujui kuwa unalishika. Zaidi ya hapo, sheria ya Kenya inaorodhesha maelezo ya familia, pamoja na majina ya watoto, wazazi na wenzi, kuwa data nyeti. Na maelezo ya mali vilevile. Wanaozoea orodha ya Ulaya huliruka jambo hili, maana huko majina ya watoto hayamo kwenye makundi maalumu. Sasa weka Kiambatisho A ubavuni mwa Kiambatisho C: data nyeti, seva Ayalandi. Kifungu cha 49 kinataka idhini ya mhusika na uthibitisho wa ulinzi unaofaa kabla data nyeti haijachakatwa nje ya Kenya. Dakika kumi za kulinganisha viambatisho viwili zimetoa swali ambalo msomaji wa njia ya kwanza angelifikia saa ya nne, kama angekuwa bado macho.

*Wapokeaji.* Inawapata watatu wa Kiambatisho C na kuwakosa Washirika na taasisi za marejeo. Kuna mtego mwingine kwa wanaotumia vifungu sanifu vya Tume ya Ulaya vya 2021, ambavyo watoa huduma wengi wa mtandaoni huvileta hadi Afrika Mashariki. Vipo vya aina mbili, na namba za viambatisho hazilingani. Katika uamuzi namba 2021/914, wa kuhamisha data nje ya Ulaya, Kiambatisho I kina maelezo ya uhamishaji, II usalama, III wachakataji wadogo. Katika 2021/915, wa mdhibiti na mchakataji, I ni wahusika wa mkataba, II maelezo ya uchakataji, III usalama, IV wachakataji wadogo. Ukitumia fomu ya mmoja kusoma mwingine, utaandika hatua za usalama kwenye safu ya wapokeaji.

Tena, katika 2021/914 Kiambatisho III hujazwa pale tu idhini ya wachakataji wadogo inapokuwa mahsusi, ya mmoja mmoja. Idhini ikiwa ya jumla, kiambatisho kinaweza kuwa kitupu kihalali huku wachakataji wadogo wakiwa 20. Kiambatisho kitupu kisisomwe kuwa “hakuna wapokeaji”. Rudi kifungu cha 9 cha vifungu hivyo sanifu uone ni chaguo lipi limewekwa, kisha udai orodha yenyewe.

*Usalama.* Inakupa mistari mitano haraka, na inarahisisha kuipima. Vifungu sanifu vya 2021/914 vinasema wazi kwamba hatua zielezwe kimahsusi, si kwa ujumla. Kipimo hicho kinafaa hata kwa mkataba usiotumia vifungu hivyo. “Usimbaji fiche unatumika” ni ya jumla. “Nakala rudufu husimbwa, na funguo zinashikwa na timu isiyokuwa na ruhusa ya kuingia kwenye hifadhidata” ni mahsusi. Lakini wajibu wa kuarifu, wa kukaguliwa na wa kufuta data huwa kwenye vifungu, si viambatisho. Kifungu cha 9.2 na kitenzi chake cha “kuthibitisha” kitakupita usiporudi mbele.

*Muda na ushahidi.* Chini ya saa moja kwa viambatisho vyenyewe, na saa moja au mbili za kurudi kwenye vifungu. Ushahidi ni mzuri kwa kilichopatikana, ila jedwali linaonekana limekamilika kuliko lilivyo. Ndiyo hatari yake kuu: safu zote zimejaa, na hakuna kinachokuambia kwamba 17.3 ipo. Mkataba ukibadilika, njia hii ndiyo nyepesi kurudia, kwa kuwa kinachobadilika mara nyingi ni orodha ya wapokeaji. Unaweka toleo la zamani na jipya ubavu kwa ubavu.

*Inamfaa nani.* Mwenye mikataba ya muundo unaofanana, au anayehuisha rejista ya mikataba iliyokwisha kusomwa mara moja.

Njia ya tatu: kutafuta kwa maneno

*Inavyofanyika.* Mkataba unageuzwa kuwa maandishi matupu, kisha yanatafutwa makundi matatu ya maneno, moja kwa kila swali:

```
pdftotext -layout mkataba.pdf mkataba.txt
wc -w mkataba.txt
grep -n -i -E 'purpose|analytic|improv|aggregat' mkataba.txt
grep -n -i -E 'processor|affiliate|third|disclos|bureau' mkataba.txt
grep -n -i -E 'encrypt|breach|hours|audit|delet' mkataba.txt
```

Amri ya pili, ya kuhesabu maneno, usiiruke. Mkataba wa kurasa 14 uliopigwa skana utatoa maneno sifuri au machache ya ajabu, na utafutaji wote unaofuata utarudi mtupu. Utupu huo unafanana kabisa na mkataba usiokuwa na wachakataji wadogo. Ukiona hivyo, kwanza pitisha faili kwenye programu ya kutambua maandishi kama `ocrmypdf`, halafu anza upya. Asiyetumia amri hizi anaweza kutafuta neno moja moja ndani ya kisomeo chake cha PDF. Mitego ni ile ile.

*Madhumuni.* Hapa njia hii inashangaza kwa uzuri. Kipande `improv` kinakamata 3.4 papo hapo. Ukigeuza na Mkataba Mkuu pia, orodha ya pili inakuletea 17.3 kupitia `bureau`, na huko ndiko msomaji wa viambatisho hakufika. Ni kawaida ya kompyuta: haichoki ukurasa wa 28.

*Wapokeaji.* `affiliate` inaleta tafsiri ya kifungu cha 1. Inachokosa ni kile kilichosemwa kwa maneno mengine. Mpokeaji anaweza kuitwa mbia, wakala, mkandarasi, kampuni ya kundi, au asiitwe chochote: “data inaweza kuwekwa wazi kwa wale wanaohitaji kuijua”. Hakuna orodha ya maneno itakayomaliza hayo, ingawa kila mkataba unaousoma kwa ukamilifu unapaswa kukuongezea maneno mawili matatu kwenye orodha yako. Kosa jingine ni la kimaumbile: ikiwa Kiambatisho C kimebandikwa kama picha ndani ya faili lenye maandishi, hesabu ya maneno itaonekana nzuri huku wapokeaji wote watatu wakiwa hawaonekani. Dawa ni kutazama kwa macho kila ukurasa wenye jedwali.

Kuna mitego midogo miwili ya kuijua. `grep` husoma mstari kwa mstari, kwa hiyo maneno mawili yaliyotenganishwa na mwisho wa mstari hayakamatwi kama kifungu kimoja; ndiyo maana hapo juu tumetafuta `third` na `processor` peke yake. Na baadhi ya faili huhifadhi “f” na “i” zilizoungana kama herufi moja, hivyo ukitafuta `notification` hupati kitu ilhali unaliona neno kwa macho. Tafuta kipande kisicho na herufi hizo, kama `notif`? La, nacho hakitapatikana. Mwisho wa `notif` ni “f” iliyomo kwenye muungano huo. Tumia `cation`.

*Usalama.* `hours` itakuletea kifungu cha 9.2 na saa zake 72, na kwa macho yenye haraka kitapita kama kilivyopita kwenye mfano wa kwanza. Utafutaji unakupeleka mlangoni. Kusoma kitenzi ni kazi yako. Vilevile hauwezi kukuonyesha kisichokuwepo. Ukitafuta `audit` usipate kitu, bado hujui kama haki ya ukaguzi haipo au imeitwa `inspection`. Hapo kwenye safu ya pengo andika “hatujathibitisha”, si “mkataba uko kimya”.

*Muda na ushahidi.* Nusu saa kwa mkataba mmoja, na kwa mikataba 60 ni kazi ya siku mbili tatu badala ya miezi. Namba za mistari zinazotolewa na `-n` si namba za vifungu, kwa hiyo lazima urudi kwenye hati kuandika kifungu na ukurasa. Mkataba ukibadilika, amri zile zile zinaendeshwa tena, na `diff` kati ya faili mbili za maandishi inaonyesha kilichoongezwa kimyakimya.

*Inamfaa nani.* Aliyerithi kabati la mikataba ya zamani na anahitaji kujua ipi isomwe kwanza.

Uamue vipi

Mkataba haujasainiwa na una data nyeti: soma wote, pamoja na Mkataba Mkuu, na utumie utafutaji mwishoni kama ungo wa pili. Kama utafutaji utaleta kifungu ambacho hakimo kwenye jedwali lako, usomaji haukuwa makini na unarudiwa sehemu hiyo.

Mkataba ni wa mtoa huduma mkubwa ambaye habadilishi hata nukta: kusoma saa tano ili kudai mabadiliko hakutazaa kitu. Anzia viambatisho, linganisha aina za data na nchi za wapokeaji, kisha utafute maneno ya madhumuni ndani ya hati zote zilizounganishwa. Uamuzi ulio mbele yako ni kutumia huduma au kutoitumia, au kuondoa baadhi ya data kabla ya kuikabidhi. Katika mfano wetu, chama kingeweza kubaki na majina ya warithi kwenye mfumo wake wa ndani.

Mikataba ni mingi na rejista inadaiwa mwezi huu: tafuta kwa maneno kwenye yote, ipange kwa yale yaliyojitokeza, halafu soma kikamilifu ile yenye madhumuni ya mchakataji mwenyewe au wapokeaji wasiotajwa majina. Iliyopigwa skana iweke fungu lake, isichanganywe na iliyorudi mitupu.

Mkataba ulishasomwa mwaka jana na imekuja barua ya mabadiliko: viambatisho vya zamani na vipya ubavu kwa ubavu, na `diff` kwa mengine. Ikiwa, kama katika kifungu cha 6.1, mabadiliko hayaletwi kwa barua bali huwekwa kwenye tovuti, siku 14 za kupinga zinaanza kuhesabiwa bila wewe kujua. Weka kwenye kalenda zamu ya kufungua ukurasa huo kila baada ya siku saba, na hifadhi nakala yenye tarehe kila mara.

Uko peke yako, huna programu wala mwanasheria wa kumuuliza: soma tafsiri ya maneno, viambatisho vyote, na vifungu vya uvujaji, wachakataji wadogo na ufutaji wa data. Andika kwenye jedwali kurasa ambazo hukuzisoma.